Kivuli cha Boriti

Watu wa kwetu Butula wakiniuliza nafanya kazi gani, huwaambia natazama mshale. Wengine hudhani natania, wengine hudhani nimekuwa mganga. Lakini ndivyo ilivyo. Nguzo ya zege ikishachimbiwa ardhini, kabla nyumba haijakaa juu yake, lazima ijaribiwe. Inabebeshwa mzigo, na mtu fulani anakaa kando kuangalia kama inazama. Mtu huyo ni mimi. Mkononi nina daftari, mbele yangu kuna geji ndogo ya duara, na kila kijistari cha geji hiyo ni mwendo mdogo kuliko unene wa unywele. Nimeifanya kazi hii tangu nilipotoka chuo cha ufundi, na asije mtu akaniambia ni kazi ya kukaa tu.

Ninayotaka kueleza yalitokea Malaba, chini ya mji, pale ardhi inapoteremka kuelekea kinamasi. Akina mama wanaouza samaki walikuwa wamepewa kiwanja huko, baada ya kufukuzwa kila mahali pazuri. Walitaka jengo la ghorofa moja: juu meza za kuuzia, chini chumba cha baridi. Ukitaka kujua kwa nini walikitaka kile chumba, ungefika sokoni kwao saa nane mchana, siku lori la barafu limechelewa. Ungewaona wakiwapepea mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwa katoni, wakinyunyiza maji, wakiteremsha bei kila baada ya dakika chache, na jioni wakitupa. Niliwaona. Yule mama mwenyekiti wao aliniambia amezika watu wengi maishani, lakini hakuna kinachomuuma kama kumwaga samaki aliyemnunua kwa jasho lake.

Udongo wa pale ni wa kudanganya. Juu kuna murramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, unakanyaga unaona pagumu. Chini ya murramu kuna udongo wa kijivu, laini, umeshiba maji, unaweza kuufinyanga kwa vidole. Nyumba huwezi kuiweka juu ya uji. Kwa hiyo nguzo hazikuepukika: zilichimbwa kupita ule ulaini mpaka kwenye udongo uliokaza, zikafungwa vyuma, zikamwagwa zege. Wachoraji wa jengo wakasema, kama nguzo lazima zishuke chini kiasi hicho, basi na zifanye kazi mbili. Ndani ya kila nguzo, vyuma vilipokuwa vikifungwa, tulifunga pia paipu nyeusi za plastiki, zinashuka, zinapinda chini, zinapanda tena.

Niliwaeleza akina mama kwa maneno yangu, maana michoro iliwachosha. Chumba cha baridi hakitengenezi baridi, niliwaambia. Kinachofanya ni kutoa joto ndani na kulitupa nje. Kwa kawaida linatupwa na mafeni juu ya paa, kwenye hewa ya mchana ambayo yenyewe tayari ni moto, na hapo ndipo mashine inapohangaika na kula umeme. Lakini ardhi chini haijui mchana wala usiku. Ukizungusha maji ndani ya zile paipu, maji yanachukua joto la mashine na kulishusha ardhini kupitia zege, mashine inapumua, umeme unapungua. Bila hiyo nafuu, hesabu ya umeme wa chumba kile wasingeimudu. Walishaambiwa wazi: nguzo zikikataa joto, chumba hakuna. Watajengewa meza tu.

Mwenyekiti alifikiri, halafu akauliza swali ambalo nimewasikia watu wenye digrii wakichelewa kuliuliza. "Na udongo ukishiba joto?"

Nilimheshimu kuanzia siku hiyo. Kwa sababu ndivyo, unashiba. Kwenye nchi za baridi, wakati wa kipupwe wanalichota joto hilo hilo kupashia nyumba, ardhi inapoa, mwaka unaanza upya. Sisi Malaba tutapasha nini? Mwaka mzima tunatupa tu. Kwa hiyo michoro ilikuwa na tangi la kuoshea makreti, likipata maji moto kutoka kwenye mashine, na mabomba juu ya paa ya kuzungushia maji usiku hewa ikipoa, ili ardhi isirundikiwe joto mwaka baada ya mwaka. Nilimweleza hayo, akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayekagua mizani ya mwenzake.

Kuna jambo la pili, na hilo ndilo lililonileta Malaba. Nguzo ikipata joto inataka kurefuka. Udongo umeishika ubavuni, nyumba imeikalia kichwani, kwa hiyo inarefuka kidogo tu, na urefu inaonyimwa unageuka kuwa nguvu ya kujikandamiza yenyewe. Kichwa kinapanda kidogo, mguu unashuka kidogo. Ikipoa, inajikunja. Na ule udongo wa kijivu una tabia yake: ukipashwa mara ya kwanza unakamua maji yake na kusinyaa, na ukisinyaa haurudi. Sasa tulihitaji kujua nguzo itazama kiasi gani kwa mchezo huo, na kama itakoma. Tukachagua nguzo moja ya majaribio, tukaipakia matofali makubwa ya zege mpaka ikabeba mzigo inaoutarajia, tukaiacha itulie. Kisha tungezungusha maji moto mchana kwa jenereta na hita, na kuiacha ipoe usiku.

Geji haiwezi kukaa hewani. Inashikiliwa na boriti ndefu ya chuma, na boriti inakaa juu ya vigingi viwili mbali na nguzo, ili nguzo ikisogea boriti isisogee. Boriti ndiyo shahidi. Na shahidi huyu ana udhaifu mmoja: jua. Likiipiga mgongoni, upande wa juu unapata moto kabla ya upande wa chini, na boriti inapinda kwenda juu, katikati inainuka. Geji inainuka nayo. Mshale unaenda upande wa kuzama, na nguzo ya watu haijatikisika. Kila mtoto wa chuo anafundishwa hili wiki ya kwanza. Ndiyo maana tulikuwa na turubai, kubwa, la buluu, lililonunuliwa kwa madereva wa malori, limetandazwa juu ya saiti yote ya majaribio. Na ndiyo maana kwenye fomu yangu ya kila siku kulikuwa na mstari: Kivuli, na kisanduku cha kutia alama.

Basi, Alhamisi jioni, kesho yake joto linaanza, akaja mwenyekiti na wanawake wawili. Mume wa mwenzao mmoja alikuwa amefariki. Mwili ungefika nyumbani kesho yake, mazishi ni Jumamosi, mvua imetanda, na mahema ya kukodi yote yalikuwa yameshachukuliwa kwenye misiba mingine. Hakuniomba hasa. Alisema tu, akitazama juu, kwamba turubai hilo ni zuri.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kuuliza kwa nini sikusema hapana. Wacha aulize. Kwetu kuna vitu ambavyo mtu akiviomba kwa ajili ya msiba humnyimi: sufuria kubwa, viti, na kitu cha kufunikia waombolezaji. Baba yangu alipokufa, mvua ilinyesha tangu asubuhi, na jirani tuliyegombana naye miaka mingi juu ya mpaka wa shamba alitoa mabati ya zizi lake, akayapigilia mwenyewe juu ya waombolezaji wetu. Ng'ombe wake walinyeshewa. Sijasahau. Nikaangalia mbingu, mawingu yalikuwa yamefunga kama mfuniko, nikasema moyoni, jua lenyewe liko wapi? Nikawasaidia kufungua kamba.

Ijumaa asubuhi ilikuwa ya mawingu. Tukawasha hita. Nikajaza fomu: mzigo, joto la maji linaloingia, joto la maji linalotoka, kivuli. Mkono ukatia alama. Nakwambia ukweli, sikudanganya kwa kukusudia, mkono ulikuwa umezoea. Ulikuwa umetia alama pale kila asubuhi kwa wiki nzima kabla ya joto, ukatia tena. Kufikia saa tano mawingu yakapasuka, na jua la Malaba, nawe unalijua, halibishi hodi. Alasiri mshale ukaonyesha nguzo inazama. Nikashangaa, nikaandika. Jioni ikapanda. Nikaandika. Jumamosi nikawahi kusoma asubuhi, nikaenda mazishini, nikakaa chini ya turubai langu mwenyewe nikila ugali na nyama, nikarudi alasiri. Imezama tena. Nikaandika tena, na alama nikatia tena. Kila jioni nilipiga picha daftari na fomu na kumtumia mhandisi mshauri, aliye Nairobi, maana ndiye mwenye neno la mwisho juu ya nguzo.

Jumapili saiti ilipumzika. Hita imezimwa, pampu imezimwa, jenereta kimya. Mimi geji huisoma hata Jumapili, kwa hiyo nilitoka misa nikapitia pale na nguo zangu za kanisani. Saa nane. Mshale ulikuwa umekwenda upande wa kuzama, kiasi kile kile cha Jumamosi.

Nilisimama nikaupigia mahesabu. Maji hayazunguki tangu jana jioni. Hakuna joto jipya linaloingia, basi leo nguzo inazamishwa na nini? Na kuna hili pia: kila jioni nguzo ilikuwa inapanda. Udongo laini ukisinyaa kwa joto umesinyaa, haukumbuki saa kumi na mbili ukarudi mahali pake kama mtoto wa shule. Nikaweka kiganja juu ya boriti. Nilikitoa mbio. Nikaangalia juu, pale turubai lilipokuwa, nikaona mbingu tupu. Mungu wangu. Nilihisi aibu ikinipanda tangu kwenye nyayo. Mimi, mwenye kujisifu kwa kutazama, sikutazama juu.

Jumatatu mhandisi alinipigia kabla sijampigia. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni mtu wa tahadhari, na tahadhari ndiyo inayozuia majengo kuwaangukia watu. Alikuwa amesoma namba zangu zote. Nguzo inazama kila inapopashwa, alisema, nayo ilitakiwa ipande. Udongo ule wa kijivu unalegea. Hawezi kuweka saini yake juu ya jengo la namna hiyo. Anakuja Jumanne kuwaambia akina mama. Paipu zitakatwa vichwani na kuzibwa, nguzo zibaki kubeba mzigo tu. Nikamwambia huenda ni jua. Akauliza kama kivuli kilikuwepo, maana kwenye fomu yangu kilikuwepo.

Hapa ndipo nisipojipenda. Nilimwambia tutaongea akifika. Siku nzima ya Jumatatu nikaitembeza aibu yangu kati ya banda la zana na kile kinamasi. Nilijua kwamba nikisema ukweli, mtu anayetia alama ya uongo kwenye fomu ya majaribio hapewi tena fomu. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, wanawake wale watarudi kupepea samaki kwa katoni, na sababu itakuwa alama mbili za kalamu yangu. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu, nisikudanganye. Haikuwepo. Jioni nikamwambia msimamizi wa saiti kwamba hita isiwashwe kesho. Akaniuliza kwa amri ya nani. Nikamwambia yangu.

Jumanne walikuja saa saba na nusu, jua likiwa utosini. Mhandisi na kofia yake nyeupe, msimamizi, mwenyekiti na akina mama kama kumi hivi, wengine bado wana harufu ya soko. Mhandisi aliwaeleza kwa upole kabisa. Akawaonyesha mshale, pale ulipokuwa asubuhi na pale ulipo sasa. Akawaambia nguzo yao haipendi joto. Akina mama hawakulia wala kupiga kelele. Walianza tu kuangalia mizigo yao, kama watu walioshazoea kufukuzwa na wanatafuta pa kuishika. Hilo ndilo lililonikata maini. Nikasema mhandisi ngoja.

Nilimwomba ashike paipu mwenyewe. Akashika, zilikuwa zimepoa. Nikamwomba msimamizi aseme hita ilizimwa lini. Jana jioni, akasema, na haijawashwa tena. Nikamgeukia mwenyekiti, nikamwomba leso iliyo begani kwake. Alinitazama, akanipa bila kuuliza. Nikaichovya kwenye ndoo, nikaitandaza juu ya boriti kutoka kwenye geji kwenda upande mmoja. Mama mwingine akaelewa, akavua yake, tukafunika upande wa pili. Wengine wakafungua miavuli yao, wakasimama upande wa jua. Nikawaambia wote warudi nyuma, hakuna kugusa nguzo, hakuna kugusa geji. Tuangalie.

Mwanzo hakuna kitu. Mhandisi aliangalia saa yake. Kisha mshale ukasogea kijistari kimoja. Kikaja kingine. Akina mama wakanyoosha shingo. Leso zilitoa mvuke kidogo, tukaongeza maji, na mshale ukaendelea kurudi, taratibu, kama mzee anayepanda ngazi, mpaka ukawa karibu na pale ulipokuwa asubuhi. Nguzo yenye mzigo wote ule juu yake haikuwa imeshuka kumbe, na sasa haikuwa imepanda. Kilichokuwa kinacheza ni shahidi.

Mhandisi alivua kofia akajifuta paji la uso. Najua alikuwa ameelewa kabla mshale haujafika. Akauliza kwa sauti ya chini, "Turubai liko wapi?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Nikamwahi. "Liko msibani. Nililitoa mimi, Alhamisi jioni."

"Na fomu? Umetia alama kwamba kivuli kipo. Siku mbili."

"Nimetia. Hapo nimekosa, na niandikie barua yoyote unayotaka. Lakini kosa langu ni ile alama. Turubai si kosa, na wakija kuliomba tena nitalitoa tena."

Msimamizi aliinamisha kichwa kana kwamba nimeshapigwa kalamu, kazi imekwisha. Mimi kidevu kilikuwa juu, na sikukishusha. Hasira niliyokuwa nayo sikuijua ni ya nani. Labda ya mkono wangu. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshavuka mto. Nikamwambia jaribio lirudiwe lote, na lisirudiwe namna ile ile. Tulikuwa tunapasha mchana na kupoza usiku, jua na hita vinatembea pamoja kama watu wa njia moja, na ndiyo maana hata mtu makini kama yeye hakuweza kuvitenganisha. Tupashe siku kadhaa mfululizo, mchana na usiku, kisha tupoze siku kadhaa. Na kivuli kiwe cha kudumu, na kipimajoto kifungwe kwenye boriti yenyewe, ili siku nyingine namba iseme hata kama mkono unasinzia.

Mhandisi alivaa tena kofia yake. Alizunguka nguzo mara mbili, akaitazama boriti chini ya zile leso. Halafu akawaambia akina mama kwamba uamuzi wake wa leo ameufuta, wangoje majaribio mapya. Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Hapo akaniambia barua itakuja.

Ilikuja. Ofisi iliniomba nieleze kwa maandishi kwa nini niliondoa kifaa cha majaribio bila idhini, na kwa nini nilijaza fomu isivyo kweli. Swali la pili nililijibu kwa ukurasa mzima, maana lilistahili: nilieleza mkono ulivyozoea, siku ya kwanza na ya pili, sikujitetea. Swali la kwanza nililijibu kwa mstari mmoja: mvua ilikuwa inakuja na maiti ilikuwa njiani kwenda nyumbani. Rafiki yangu tuliyesoma naye alinisihi niongeze japo neno la kuomba radhi. Nikamwambia radhi nimeomba kwenye ukurasa wa pili, mahali pake.

Adhabu yangu ilikuwa kwamba fundi mwingine, kijana wa Nairobi mwenye mashine ya kurekodi, ataletwa kusoma geji pamoja nami, na kila namba yangu ikaguliwe na yake. Sawa. Nilimkaribisha. Akina mama nao hawakungoja kuambiwa. Walikuja na wanaume wa huko kinamasini, wakakata mafunjo, wakasimika miti, wakaezeka banda juu ya boriti nzima, nene, jua halipiti hata kwa dua. Mjane mwenyewe alikuja wiki iliyofuata na turubai limefuliwa, limekunjwa, limefungwa kwa kamba ile ile. Alitaka kupiga magoti, nikamshika kiwiko. Tulilitia stoo.

Jaribio likaanza upya. Siku tatu za joto, na kwa mara ya kwanza niliona mshale ukienda upande unaotakiwa: kichwa cha nguzo kinapanda, kidogo sana, lakini kinapanda. Tukapoza. Kikashuka, kikapita kidogo pale kilipoanzia, kikatulia hapo. Kwa hiyo kuzama kulikuwepo, nisiseme uongo wa pili. Ule udongo wa kijivu ulikuwa umekamua maji yake kama tulivyotarajia. Mhandisi, aliyekuwa anakuja kila tunapogeuza kutoka moto kwenda baridi, alikunja uso. Tukapasha mara ya pili, tukapoza. Kiasi kilichozama hakikurudi, lakini kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Mara ya tatu kikawa kidogo zaidi. Udongo ulikuwa unazoea. Namba zangu na za kijana wa Nairobi zilienda pamoja, isipokuwa siku moja alipoegemea boriti, na nikamwambia.

Tulikuwa kwenye mzunguko wa nne, na huo ndio mhandisi alisema angeutumia kuamua, mwanamume mmoja alipokuja langoni. Sikumjua. Alikuwa na viatu vya matope na kofia mkononi, anatoka ng'ambo ya kinamasi. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi hiyo. Alisema ameelekezwa kwamba hapa kuna turubai.

Mhandisi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, daftari langu mkononi mwake. Msimamizi alianza kukohoa. Mimi nilijua niliposimama: jengo lilikuwa halijapita, na barua moja tayari ilikuwa kwenye faili langu, na ya pili isingekuwa ya kujieleza. Nikaangalia juu. Safari hii nilianza kwa kuangalia juu. Mafunjo yalikuwa mahali pake, kijani kimeanza kugeuka kahawia, na boriti chini yake ilikuwa baridi. Niliigusa nikahakikisha, kisha nikasoma kipimajoto chake.

Nikatoa ufunguo wa stoo mfukoni. "Pole sana, ndugu yangu," nikamwambia. "Njoo tulichukue."

Lilikuwa zito, lina uzito wa watu wawili. Tulilivuta mpaka mlangoni likagoma. Nikasikia mtu nyuma yangu, na upande wa tatu ukanyanyuka. Mhandisi alikuwa ameweka daftari langu juu ya pipa la mafuta na kushika kona. Tulimpakilia yule mtu turubai kwenye pikipiki yake, likafungwa, akaondoka polepole.

Mhandisi alijipangusa mikono, akanirudishia daftari na fomu ya siku ile, bado wazi. Alinionyesha kwa kidole pale chini, kwenye nafasi ya maelezo, ambayo sikumbuki kama niliwahi kuijaza maishani. Akaniambia niandike.

Nikaandika. Turubai: limeenda msibani. Kivuli: kipo. Kisha nikaangalia juu mara nyingine, nikatia alama.